Pole Bila Tarehe Ni Mistari Tu

Leo naanza na kukiri. Kuna meseji ilikaa kwa simu yangu saa 19 bila jibu. Haikuwa ya mwenye nyumba, hiyo naweza kukaa nayo wiki nzima na nilale vizuri. Ilikuwa ya kijana mmoja anaishi Kikuyu. Tumwite Bwana Kikuyu, jina lake libaki lake. Alikuwa ameniuliza swali zito: "Chapo na madondo ama chapo na ndengu? Fikiria vizuri, hili jibu linaamua mengi."

Niliisoma saa tisa mchana nikiwa kwa mat, nikitoka kurekodi vidio. Nikacheka peke yangu hadi mama wa kiti cha pembeni akaniangalia. Sasa si ningejibu hapo hapo? Hapana. Nikasema acha nifike nyumbani nipate jibu kali, la kumshinda. Nikafika nikaanza kuhariri vidio. Nikahariri hadi macho yakakataa, nikalala. Asubuhi saa nne nikaifungua tena, na nikaona aibu kuigusa. Unajua ile hali ambapo meseji imekaa sana hadi "madondo" pekee haitoshi tena? Ndiyo hiyo.

Na hapa ndipo wengi wetu huwa tunapotelea. Watu hudhani tunachelewa kujibu kwa sababu hatujali. Mara nyingi ni kinyume. Mtu usiyemjali unamjibu "sawa" ukiwa kwa foleni ya choo. Yule unayemtaka ndiye unamtafutia jibu la kupendeza. Ukikosa unangoja, na ukingoja jibu linalohitajika linazidi kuwa kubwa. Saa moja lilihitaji neno. Saa 19 linahitaji hotuba. Siku tatu linahitaji wazee wa ukoo.

Kwa hivyo nataka tuongee juu ya hiyo pole. Ile ya kuomba msamaha bila kuua ile kitu tamu iliyokuwa inaanza kati yenu. Maoni yangu ni haya: kuna deni mbili tofauti, kuchelewa kujibu na kuvunja fomu, na tunakosea kwa sababu tunazilipa kwa sarafu moja, yaani kicheko. Moja inakubali kicheko. Nyingine inataka kwanza ulipe.

Tuanze na ile rahisi. Hii ndiyo niliyomtumia Bwana Kikuyu, neno kwa neno:

"KUH: KUCHELEWA KUJIBU SWALI LA CHAPO. Bwana, rejelea ujumbe wako wa jana saa tisa mchana. Niliusoma, nikacheka kwa mat watu wakaniogopa, halafu nikatafuta jibu la kukushinda nikakosa. Kwa hilo naomba msamaha. Jibu ni madondo. Ukisema ndengu, tutahitaji mpatanishi. Wako mwaminifu, ila kwa saa bado najaribu."

Dakika mbili tu, akajibu: "Ombi lako limepokelewa. Litashughulikiwa baada ya siku 14 za kazi."

Mimi chini, kucheka.

Sasa tuifungue hiyo meseji tuone ndani kuna nini, kwa sababu si bahati. Kwanza, ile barua rasmi. Sisi wote tulioenda shule Kenya tuliandika hizo barua kwa insha hadi mikono ikauma: anwani, tarehe, KUH, rejelea, wako mwaminifu. Mtu akiiona anacheka kabla hata ya kusoma, kwa sababu anajua kuna mtu ameketi akachukua muda. Huo muda ndio unalipa ule uliopotea. Lakini barua rasmi ina kitu kingine: haikuachi uzunguke. Inakulazimisha useme ni jambo gani, nini kilitokea, na unaomba nini.

Pili, ilikuwa ukweli. Nilisoma, nikacheka, nikakosa jibu. Ukweli ulikuwa mtamu kuliko uongo wowote ambao ningetunga, kwa sababu ndani yake kuna siri ndogo: nilikuwa nakufikiria. Ona sasa ungesema "simu ilizima". Halafu usiku wa jana ulikuwa umeweka statasi saa sita, na yeye aliiangalia, jina lake liko hapo kwa orodha yako ya walioona. Simu iliyozima inaweka statasi vipi? Na kama unadhani kuzima zile tiki za bluu za WhatsApp kutakuokoa, kumbuka ukizizima nawe huoni zake, na akikutumia sauti ya kurekodi bado ataona kama umeisikiliza. Hata ukifuta meseji uliyomwandikia, inabaki alama kwamba kulikuwa na kitu kimefutwa, na sasa badala ya kungoja jibu anangoja maelezo. Uongo mdogo wa simu hukamatwa na simu yenyewe.

Tatu, mzaha ulikuwa juu yangu. Ni mimi niliyeogopesha watu kwa mat, ni mimi niliyekosa jibu. Yeye hakuguswa. Hii watu hukosea sana. Unachelewa siku mbili halafu unaandika, "Wee, kwani ulikuwa umenimiss hivyo?" Hapo umemfanya yeye ndiye kichekesho kwa kukungoja. Anaweza kucheka pia, lakini wiki ijayo hatakuuliza kitu, kwa sababu amejifunza kwamba kukungoja kunachekwa.

Nne, nilijibu swali. Madondo. Unaweza kuomba msamaha vizuri sana na usahau kwamba mtu alikuwa ameuliza kitu. Halafu nikamwachia kitu cha kushika, ile kesi ya ndengu, ndio awe na pa kuanzia. Pole ambayo haimwachii mwenzako pa kuingilia inamwacha na neno moja tu la kujibu, na hilo neno ni "usijali". Na baada ya "usijali" hakuna stori, ni kimya.

Linganisha na hii, ambayo niliwahi kuituma mwaka jana kwa mtu mwingine: "Aki pole sana, najua mimi ni mtu mbaya wa kujibu, nimekuwa na wiki ngumu, sijui utanisamehe aje, najua umechoka na mimi, pole tena." Soma ukiwa yeye. Uliuliza swali la kuchekesha, sasa una kazi ya kubembeleza mtu mzima. Pole mbili kwa meseji moja, na hakuna hata moja inayosema utafanya nini. Ile vaibu yote imegeuka matanga. Pole ikiwa ndefu sana inaacha kuwa ya yule uliyemkosea. Inakuwa yako.

Hiyo ni deni ya kwanza, na tuiache hapo. Sasa ile ngumu, ambayo mimi mwenyewe nilichoma.

Wiki mbili baada ya chapo, tulipanga kukutana tao. Jumamosi, saa kumi, pale Archives, mahali ambapo nusu ya Nairobi hungojea nusu nyingine. Nikachagua nguo Ijumaa, nakuambia ukweli.

Jumamosi saa saba na nusu, simu. Mteja anauza viatu, anataka vidio tatu kabla ya jioni, analipa hapo hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kodi yangu hailipwi na mapenzi. Nikasema ndiyo. Hilo sijutii hata leo.

Ninachojutia ni kilichofuata. Nilijua saa saba na nusu kwamba saa kumi sitafika. Lakini nikajiambia labda nitamaliza haraka. Nikajiambia acha nifikirie nitasemaje vizuri. Nikamwambia saa tisa na dakika ishirini. Na nilimwambia hivi:

"Leo imeniendea viraka, sitatoboa. Usinikasirikie bana, si unajua unakatia supastaa? Pole basi." Nikaongeza kale ka emoji ka kucheka na machozi.

Akajibu: "Sawa."

Na nukta. Wasee, wewe ukijua mtu ambaye huandika bila nukta miezi miwili, siku akiweka nukta unajua kuna mlango umefungwa polepole. Huyu mtu ambaye aliniambia ombi langu litashughulikiwa siku 14 za kazi alikuwa na herufi nne tu za kunipa.

Kumbe alikuwa ameshaingia mat. Alikuwa amenyoa asubuhi hiyo. Fea soo moja kuja, soo moja kurudi, na yeye ni kijana wa kibarua, si mtoto wa waziri. Mzaha wangu ulifika akiwa ameketi dirishani, njia nusu, akielekea kwa mtu asiyekuja.

Hapo ndipo nilielewa tofauti. Nilipochelewa kujibu chapo, nilimtoa nini? Raha kidogo, labda aliangalia simu mara kumi. Hiyo kicheko kinalipa. Jumamosi nilimtoa pesa, nywele, na mchana mzima. Ukicheka juu ya hasara ya mtu kabla ya kuitaja, unamwambia hukuiona. Na mtu hawezi kukatiana na mtu ambaye hamwoni.

Halafu kuna hilo neno "pole". Tunalitumia kwa kila kitu, lakini sikiliza vizuri. Mtu akijikwaa barabarani na humjui, unamwambia pole. Akifiwa, pole. Akirudi kazini amechoka, pole na kazi. Pole inasema naona umeumia. Haisemi ni mimi niliyekuumiza. Kwa meseji iliyochelewa inatosha, lakini mtu akiwa kwa mat kwa sababu yako, ukimwambia "pole basi" ni kama umesimama kando ya barabara ukimwangalia akianguka, na mguu aliojikwaa ni wako. Hapo neno ni samahani. Ama nisamehe, ambayo ni nzito zaidi kwa sababu inaomba kitu, na mwenye kuombwa ana haki ya kukataa.

Nilikaa na hiyo "Sawa." hadi saa mbili usiku. Vidio zilikuwa zimeisha, pesa imeingia, na sikuwa na furaha nayo. Nikaandika tena:

"Samahani. Nilijua saa saba na nusu kwamba sitaweza, nikakuambia saa tisa na ishirini ukiwa njiani. Kazi ilinipata, lakini hizo dakika 110 nilizonyamaza ni zangu. Nimekutumia 200 ya fea, usibishane. Jumanne sina kazi kuanzia saa tisa. Nakuja Kikuyu mimi, na wewe ndiye uningojee kwa steji. Kama hutaki tena nitaelewa. Kama unataka, tafadhali usiache hiyo nywele ikue kabla ya Jumanne, nilistahili kuwa wa kwanza kuiona."

Angalia mpangilio. Sentensi za mwanzo hazina mzaha hata mmoja. Nimetaja saa niliyojua na saa niliyosema, kwa sababu kosa lilikuwa hapo katikati. Watu wengi huomba msamaha kwa kuvunja fomu, na kuvunja fomu wakati mwingine si kosa. Kazi hutokea, mama huugua, mvua hunyesha na Nairobi inasimama. Kosa ni ule muda ambao tayari unajua na hujasema, huku mwenzako anapiga pasi shati. Ningemwambia saa saba na nusu angekuwa bado nyumbani, na ule mzaha wa supastaa labda ungemchekesha kweli. Maneno yale yale, saa tofauti.

Halafu nimelipa. Najua kuna watakaosema kumtumia mwanaume fea ni kumdharau. Mimi nasema hasara ina bei, na kama unaijua bei ilipe, halafu usiitaje tena. Ukilipa ukaendelea kukumbusha, si malipo tena. Kama una hofu itamkera, lipa kwa njia nyingine: nenda wewe kwake, ubebe wewe mzigo wa safari. Mimi nilifanya zote mbili kwa sababu nilikuwa nimeogopa, tuseme ukweli.

Halafu kuna tarehe. Jumanne, saa tisa, Kikuyu, steji. "Tutapanga siku nyingine" si mpango, ni njia ya adabu ya kusema kwaheri. Tarehe inaonyesha umefungua kalenda yako ukamtafutia nafasi, na hiyo inakatia kuliko "nimekumiss" 100.

Mzaha ukaja mwisho kabisa, baada ya deni kutajwa, na baada ya kumpa mlango wa kutoka. Na ona ulikuwa juu ya nini: juu ya nywele yake, kwamba nilitaka kuiona. Alikuwa amejitengeneza kwa ajili yangu na hakuna aliyemwona. Huo ndio uliokuwa uchungu wenyewe, kushinda hata fea.

Hakujibu usiku huo. Nililala na simu kwa mto. Jumapili saa tano akaandika: "Nywele haikui sana siku tatu. Lakini nitaongea nayo."

Bila nukta mwisho, hapo nimeiweka mimi.

Hivyo ndivyo unajua. Usihesabu kama amesema "nimekusamehe", watu husema hivyo ndio uache kuwasumbua. Angalia kama mzaha umerudi. Ukimtupia kitu na akakurudishia, mko sawa. Akikujibu "haha" peke yake, au "sawa" yenye nukta, bado kuna deni, na ukiongeza mzaha mwingine juu unaongeza tu riba. Hapo nyamaza, au uliza moja kwa moja: kuna kitu hujaniambia?

Sasa kuna sehemu ambayo hamtaipenda. Hii kitu ina mwisho. Mara ya kwanza barua rasmi inachekesha. Mara ya pili anatabasamu. Ukivunja fomu mara ya tatu na uje na KUH, mtu anasoma akiwa amechoka, kwa sababu sasa ameona umekuwa na ujuzi wa kuomba msamaha, na ujuzi unatokana na mazoezi. Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, hiyo tulifundishwa darasa la nne. Mara ya tatu weka mistari kando, sema ukweli: sina nafasi mwezi huu, ama sijui kama nataka.

Naijua hiyo kwa ndani. Nilipotoka chuo niliandika barua ya kuahirisha masomo. Barua safi, yenye KUH na wako mwaminifu. Niliandika nitarudi Septemba. Nilipoandika hiyo Septemba nilijua hakuna pesa itakayopatikana kufikia Septemba, lakini neno lilinisaidia kutoka ofisini bila kulia. Septemba ikafika ikapita. Kwa hivyo mtu akiniambia "wiki ijayo hakika" kwa sauti tamu, naijua sauti hiyo. Nimewahi kuitumia. Wakati mwingine tarehe yenyewe ni njia ya kukimbia, na dawa ni moja: angalia kama ameifikia.

Hii inaenda kwa upande wa pili pia, kwa nyinyi mnaotumiwa hizo pole. Kuna mtu anajua kuomba msamaha kuliko anavyojua kufika. Kila Jumamosi unapata shairi, unayeyuka, unasahau kwamba hujamwona uso tangu Aprili. Usipime pole kwa utamu. Soma meseji zake tatu za mwisho za kuvunja fomu na utafute kitu kimoja tu: siku na saa. Kama hakuna hata moja, rafiki yangu, huyo hakuombi msamaha. Anakuweka kwa foleni, na anakuchekesha ndio usichoke kusimama. Na kama wewe ndiye unayemweka mtu kwa hiyo foleni kwa sababu unapenda kutakwa lakini humtaki, acha. Hakuna KUH ya hiyo.

Jumanne nilifika Kikuyu saa tisa na dakika arobaini. Jam. Lakini saa nane na nusu nilikuwa nimeshamwambia: "Rejelea safari yangu ya leo, kuna trela limelala barabarani, ongeza dakika 40, usitoke nyumbani bado." Alikuja kwa steji saa tisa na nusu, akiwa amebeba mutura kwa karatasi. Alisema ameinunua kwa ile 200 na kwamba chenji harudishi.

Nywele ilikuwa imekua kidogo. Nilimwambia imependeza. Tukaenda kutafuta chapo, na huyo jamaa, baada ya yote hayo, akaitisha ndengu.